Rangi ya Waridi Inapogoma: Kutafuta Nitriti Iliyopotea Kati ya Soseji na Spektrofotomita

Kipimo hiki cha nitriti kwenye nyama na maji kina hatua mbili za kemia, na karibu kila tatizo utakalokutana nalo linatokana na moja kati ya hizo, au na kilichotokea kabla hazijaanza. Kwanza, nitriti ikiwa ndani ya asidi hushika sulfanilamidi na kuigeuza kuwa chumvi ya diazo, ambayo haina rangi na haidumu. Pili, chumvi hiyo huungana na kitendanishi tunachokiita NED, yaani naftiliethilenidiamini, ikazaa rangi ya waridi inayoelekea zambarau. Rangi hiyo ndiyo tunayoisoma kwa spektrofotomita kwenye nanomita 540. Wengi huuita mmenyuko wa Griess, kwa jina la Peter Griess, mkemia Mjerumani aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha bia huko Uingereza na kugundua michanganyiko ya diazo mwaka 1858.

Nitaanza na vipimo ninavyotumia mwenyewe, ili tarakimu zitakazofuata zieleweke. Sulfanilamidi ni gramu 0.5 ndani ya mililita 150 za asidi ya asetiki ya asilimia 15. NED ni gramu 0.2 ndani ya ujazo uleule wa asidi ileile, nayo hukaa kwenye chupa ya kahawia ndani ya friji. Katika chupa ya ujazo ya mililita 50 naweka mililita 10 za sampuli iliyochujwa, kisha mililita 2.5 za sulfanilamidi. Nasubiri dakika 5, naongeza mililita 2.5 za NED, najaza maji hadi alama, nasubiri dakika 15, nasoma.

Mstari wa vipimo sanifu naujenga kwa nitriti ya sodiamu, kuanzia mikrogramu 0.2 hadi 0.8 kwa kila mililita ya mwisho. Kwa kyuveti ya sentimita 1, mikrogramu 1 kwa mililita hutoa usomaji wa karibu 0.72. Ikariri namba hiyo, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama ugonjwa uko kwenye vitendanishi au kwenye sampuli.

Dalili: blanki ina rangi ya waridi

Blanki ni maji na vitendanishi tu, kwa hiyo ikiona rangi, nitriti imeingia kutoka mahali fulani. Usikimbilie kuitoa kwenye hesabu na kuendelea na kazi. Uchafu uliopaka rangi blanki moja haukuingia kwa kiasi kilekile kwenye chupa zote, na ukitoa 0.040 kwa kila sampuli unajidanganya.

Tafuta kwa kutenganisha. Andaa blanki mbili: ya kwanza kwa maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye chupa ya maji safi, ya pili kwa maji yaleyale yaliyopitishwa kwenye karatasi ya chujio. Ikiwa ya pili tu ndiyo imeona rangi, karatasi ina nitriti, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Suuza karatasi kwa maji ya moto kabla ya kuitumia, na mwaga mililita 20 za kwanza za mchujo. Zikiwa na rangi zote mbili, shuku maji yenyewe, kisha shuku hewa. Moto wa gesi hutoa oksidi za naitrojeni ambazo huyeyuka ndani ya maji yaliyoachwa wazi na kuwa nitriti. Nimewahi kuona bika iliyosahauliwa wazi usiku kucha karibu na jiko la gesi ikatoa waridi hafifu asubuhi, wakati chupa iliyofunikwa, yenye maji ya mtungi uleule, ilibaki safi kabisa.

Blanki ikiwa ya kahawia badala ya waridi, hilo ni jambo jingine: NED imezeeka. Itupe utengeneze mpya.

Dalili: mstari wa vipimo sanifu umenyooka lakini umelala

Vipimo vyako vinafuatana vizuri, lakini badala ya 0.72 unapata 0.55. Uzuri wa mstari humlaza mtu usingizi. Hapa kuna mtego unaostahili kufikiriwa taratibu: ikiwa myeyusho sanifu umepoteza nitriti, mstari utakuwa dhaifu, na sampuli zako zitaonekana zina nitriti *nyingi* kuliko ukweli. Kosa lililo kwenye sanifu hugeuka kinyume linapofika kwenye sampuli.

Nitriti ya sodiamu hunyonya unyevu, na taratibu huoksidishwa na hewa ikawa nitrati, ambayo haitoi rangi yoyote hapa. Myeyusho mwepesi huharibika haraka zaidi, na bakteria husaidia. Kwa hiyo pima upya gramu 1.000 ya chumvi iliyotunzwa ndani ya desiketa, iyeyushe kwenye lita 1, kisha punguza siku hiyohiyo kwa hatua mbili hadi mikrogramu 10 kwa mililita. Mstari ukisimama, umepata jibu. Ukibaki palepale, badilisha vitendanishi kimoja kimoja, ukianza na NED. Bado? Angalia kama urefu wa wimbi ni 540 kweli, na kama kyuveti ni ya sentimita 1.

Chumba chenye baridi nacho huchelewesha rangi, hasa kwa asidi ya asetiki. Soma chupa moja baada ya dakika 15, kisha tena baada ya dakika 30. Kama namba bado inapanda, hukuwa umesubiri vya kutosha.

Dalili: waridi linamulika mara moja, kisha linageuka njano au kahawia

Hili huwakuta wanaopima maji ya chumvi yanayodungwa ndani ya nyama bila kuyapunguza. Ukidondosha NED, waridi kali linapita kama wingu, kisha chupa yote inageuka rangi ya chai. Mashine inasoma namba ndogo, na asiyejua anaandika "nitriti kidogo". Ukweli ni kwamba nitriti imezidi. Kwa vipimo nilivyotaja, NED iliyomo ndani ya chupa, ukihesabu kwa moli, ni kama robo tu ya sulfanilamidi. Nitriti ikizidi sana, chumvi ya diazo hukosa mwenzi wa kuungana naye na huvunjika, na nitriti iliyobaki hushambulia rangi yenyewe.

Kuthibitisha ni rahisi: punguza *sampuli* mara kumi, uanze kipimo upya. Ukipata usomaji mkubwa kuliko wa kwanza, umethibitisha. Usiongeze maji kwenye chupa ambayo rangi yake imeshaharibika, maana kilichokosekana wakati wa mmenyuko hakirudi kwa kuongeza maji baadaye.

Dalili: mstari ni mzuri, blanki ni safi, lakini soseji inatoa namba ndogo mno

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu ndipo matokeo mengi mabaya yanapotoka maabara yakiwa yamevaa nguo nzuri.

Kwanza ondoa shaka moja ambayo si kosa la maabara. Mtengenezaji atakuambia aliweka miligramu 120 kwa kilo, nawe umepata 26. Hilo linawezekana kabisa. Nitriti huungana na mayoglobini, hugeuka nitriki oksidi, sehemu nyingine huwa nitrati, na huendelea kupungua kila siku nyama ikiwa imehifadhiwa. Kipimo chetu husoma ile iliyobaki huru. Hakiwezi kukuambia kiasi kilichowekwa siku ya kwanza, na usimruhusu mtu yeyote akulazimishe ukikadirie kwa kurudi nyuma.

Lakini je, ile iliyobaki huru umeipata yote? Adui mkubwa ni askobati, yaani vitamini C, au ndugu yake erithobati, ambazo huwekwa makusudi kwenye nyama hizi ili kuharakisha rangi nyekundu. Kazi yake ndani ya nyama ni kuigeuza nitriti kuwa nitriki oksidi, na kazi hiyo haikomi nyama inapoingia kwenye bika yako. Ukiipa joto na asidi, itaendelea mbele ya macho yako. Gesi inaondoka, nitriti inapungua, na mchujo unabaki safi bila dalili yoyote ya kilichopotea.

Kisa kimoja nitakieleza kwa namba zake. Fundi mwenzangu wa maabara aliniletea chupa yenye waridi hafifu sana.

"Kaka, hii soseji nimeirudia mara tatu. Inatoa ileile."

"Ileile ngapi?"

"Kumi na sita."

Alikuwa amepima gramu 10 za soseji iliyosagwa, akaichemsha katika maji ya moto, akagandisha protini zake, akajaza hadi mililita 200 na kuchuja. Mililita 10 za mchujo zilisoma 0.115. Ukigawanya kwa 0.72 unapata mikrogramu 0.16 kwa mililita, ambazo ni mikrogramu 8 ndani ya chupa ya mililita 50. Mchujo wote ni mara 20 ya hizo, yaani mikrogramu 160 kutoka gramu 10, sawa na miligramu 16 kwa kilo. Hesabu haikuwa na kasoro. Kurudia mara tatu kulithibitisha tu kwamba anapoteza kiasi kilekile kila mara.

Swali likawa: inapotelea wapi? Tukaweka nitriti tunayoijua mahali pawili tofauti.

Mahali pa kwanza palikuwa mwisho wa safari. Tuliongeza mikrogramu 25 za nitriti ya sodiamu moja kwa moja ndani ya chupa ya mililita 50 yenye mililita 10 za mchujo wake, kabla ya vitendanishi. Usomaji ulipaswa kupanda kwa 0.360. Ulipanda kwa 0.350, yaani asilimia 97. Kwa hiyo hatua za rangi zilikuwa nzima, na mchujo haukuwa na kitu cha kuizuia rangi.

Mahali pa pili palikuwa mwanzo wa safari. Kwenye gramu 10 nyingine za soseji ileile tulimimina mililita 5 za myeyusho wa mikrogramu 100 kwa mililita, jumla mikrogramu 500. Tukasubiri dakika 10 nyama inywe, kisha tukafuata njia yake yote kuanzia maji ya moto. Sehemu ya nyongeza hiyo inayofika ndani ya mililita 10 za mchujo ni mikrogramu 25 zilezile, kwa hiyo tulitarajia tena kupanda kwa 0.360. Usomaji ulifika 0.295 tu. Ukiondoa 0.115 ya soseji yenyewe, ulipanda kwa 0.180. Nusu kamili ilikuwa imepotea, na imepotea kabla ya chujio.

Nikamwomba anionyeshe anavyofanya, hatua kwa hatua, bila kunisimulia. Mambo mawili yakajitokeza. Boraksi, ile ya kupandisha pH, ilikuwa imeisha siku kadhaa nyuma, akawa anachemsha kwa maji matupu, na pH ya supu ile ilikuwa 5.9. Halafu, ili kuokoa muda, alikuwa anamimina feroksianidi ya potasiamu na asetati ya zinki, zile za kugandisha protini, wakati bika bado ina moto. Myeyusho wa asetati ya zinki huwa na asidi ya asetiki ndani yake. Asidi, joto na askobati vilikutanishwa kwenye bika moja.

Tulirekebisha jambo moja kwa wakati, maana ukirekebisha mawili pamoja hutajua lipi lilikuwa na uzito. Tuliporudisha mililita 5 za boraksi (gramu 50 kwa lita) kabla ya maji ya moto, pH ilipanda hadi 7.4, na nyongeza ikapatikana kwa asilimia 78. Kisha tukaacha bika ipoe hadi joto la chumba kabla ya feroksianidi, na baada yake asetati ya zinki, mililita 2 kwa kila moja, kwa mpangilio huo. Nyongeza ikapatikana kwa asilimia 95. Soseji yenyewe sasa ilisoma 0.187, ambayo ni miligramu 26 kwa kilo.

Ona jambo moja kwenye namba hizi. Kama fundi angechukua 16 yake ya kwanza na kuigawanya kwa 0.5 ili "kusahihisha", angeandika 32. Angekosea tena, safari hii kwa upande wa juu. Nitriti uliyoongeza dakika 10 zilizopita haipotei kwa kasi sawa na ile iliyokaa ndani ya nyama wiki nzima. Asilimia ya nyongeza itumie kutafuta tundu linalovuja na kuliziba. Usiitumie kama kizidisho cha kuficha tundu hilo.

Askobati inaweza pia kuuma kwenye hatua ya rangi, hasa ikiwa nyingi na nitriti ni kidogo. Ingekuwa hivyo, kile kipimo cha mahali pa kwanza kingeshindwa. Dawa hapo ni kuupunguza mchujo na kutumia kyuveti ndefu zaidi, na kutoiacha sampuli ikae ndani ya asidi bila sulfanilamidi hata kwa dakika chache. Wapo wanaotia asidi kwenye chupa zote kwanza, wakaenda kunywa chai, kisha wakarudi na sulfanilamidi. Hapo mbio zimeshaisha, na aliyeshinda ni askobati.

Dalili: namba ni kubwa, lakini chupa inaonekana kama maziwa

Mafuta na protini zilizopita kwenye chujio hutawanya mwanga, na mashine hudhani ni rangi. Soma chupa hiyohiyo kwenye nanomita 700, ambako rangi yetu karibu haifyonzi chochote. Ukipata namba ya maana pale, huo ni ukungu. Iweke bika kwenye friji hadi mafuta yagande juu, kisha chuja ikiwa bado baridi. Ukungu mdogo unaobaki, au wekundu wa viungo kama pilipili, unaondolewa kwa blanki ya sampuli: mchujo uleule na sulfanilamidi ileile, lakini mahali pa NED weka asidi tupu ya asetiki ya asilimia 15. Toa usomaji wake kwenye ule wa chupa kamili.

Kwa wanaopima maji

Maji ni rahisi kwa kuwa hayahitaji kuchemshwa wala kugandishwa protini, lakini yana tabia zake. Sampuli iliyokaa siku mbili kwenye joto si sampuli ile uliyoichota: bakteria huweza kuzalisha nitriti kutoka amonia, au kuimaliza kwa kuigeuza nitrati. Chuja kwa chujio la mikromita 0.45, weka kwenye baridi ya nyuzi 4, na pima siku hiyohiyo ukiweza. Usihifadhi kwa asidi hata kidogo.

Maji yenye klorini huru hayakai na nitriti kwa muda, kwani klorini huioksidisha. Sifuri hapo inaweza kuwa sifuri ya kweli. Kinachosumbua zaidi ni trikloridi ya naitrojeni, ambayo huleta wekundu wa uongo kitendanishi cha rangi kinapoingia. Shaba hufanya kinyume chake: huivunja chumvi ya diazo kabla haijaungana, na usomaji unashuka. Maji yaliyolala kwenye mabomba ya shaba yatiliwe shaka hiyo, na njia ya kuithibitisha ni ileile ya kuongeza nitriti inayojulikana ndani ya chupa. Chuma kingi nacho hufanya tope. Maji yenye ualkali mkubwa hunyonya asidi ya vitendanishi na kuacha mmenyuko ukidorora, hivyo yarudishe karibu na pH 7 kabla ya kuanza.

Dalili: maabara mbili, sampuli moja, namba zinazopishana mara tatu au tano

Kabla hujagusa pipeti, uliza kila mmoja anaandika nini. Miligramu 1 ya naitrojeni iliyomo kwenye nitriti ni miligramu 3.28 za nitriti yenyewe, na ni miligramu 4.93 za nitriti ya sodiamu. Watu wa maji mara nyingi huandika naitrojeni au nitriti, na watu wa nyama huandika nitriti ya sodiamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 3 kwa lita za nitriti. Ukisoma 0.95 kwenye karatasi inayosema tu "nitriti" bila kueleza ni ipi, maji hayo huenda yako chini kabisa ya mwongozo, au yameuvuka kwa kidogo: naitrojeni 0.95 ni nitriti 3.1.

Kwenye daftari la maabara yetu, safu ya matokeo sasa ina kichwa kinachosema "mg NaNO2/kg" kwa nyama na "mg NO2/L" kwa maji, na karibu yake safu ya asilimia ya nyongeza iliyowekwa mwanzo wa safari. Safu hiyo ya pili ikiwa tupu, karatasi hairuhusiwi kutoka.